Jimbo limegawanyika, mstari umevunjika: kutafuta chanzo kwenye dashibodi ya ramani

Ukipakia faili jipya la mipaka kwenye dashibodi, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajafungua ramani ya mwaka juzi na kukuta namba si ile aliyoiandika kwenye ripoti yake. Hapa Lubumbashi tumelizoea jambo hili tangu 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na nchi nzima ikatoka majimbo 11 ikafika 26. Lakini mgawanyiko ule mkubwa angalau kila mtu aliusikia. Unaotesa zaidi ni ule mdogo, pale zoni moja ya afya inapozaa mbili kimyakimya katikati ya mwaka, na dashibodi ikaendelea kuchora kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nitatumia kiwango cha chanjo kama mfano wa kudumu, kwa kuwa kina sehemu mbili zinazoweza kuharibika kila moja kivyake: waliochanjwa na walengwa. Namba za zoni X, A na B ni za kutungwa. Majimbo na teritwari, yaani vitengo vya utawala vilivyo chini ya jimbo, ni za kweli.

## Eneo limeporomoka au limeruka, na jina ni lile lile

Anza hapa, maana ndilo kosa rahisi kulipata na ndilo linalodanganya watu wengi. Mstari wa Kasaï-Oriental unashuka vibaya baada ya 2015. Équateur vivyo hivyo. Ukitazama haraka utadhani kuna vita, ukame au hospitali zimefungwa.

Kasaï-Oriental ya zamani ilikuwa na Sankuru na Lomami ndani yake. Ya sasa ni kipande cha Mbuji-Mayi na Tshilenge tu, ila imerithi jina la mama yake. Équateur ya zamani ilizaa Mongala, Tshuapa, Nord-Ubangi, Sud-Ubangi na Équateur nyingine ndogo. Anayeunganisha jedwali la takwimu na ramani kwa kutumia jina anaunganisha vitu viwili tofauti, na kompyuta haitalalamika kwa sababu herufi zinalingana. Ndiyo hatari yake: kosa ambalo halileti ujumbe wowote wa kosa.

Usidhani utaponyoka kwa kuhamia kwenye misimbo ya ISO. `CD-EQ` ilikuwa Équateur kubwa, na leo ni Équateur ndogo. `CD-KE` nayo ni hivyo hivyo kwa Kasaï-Oriental. Kinyume chake Bas-Congo ilibadilishwa jina ikawa Kongo Central bila kugawanywa, na msimbo ukabaki `CD-BC`. Kwa hiyo msimbo kubaki vilevile si ushahidi kwamba eneo halikubadilika, na jina kubadilika si ushahidi kwamba limebadilika.

Kwetu Katanga mtego umefichwa ngazi moja chini. Kabla ya 2015 kulikuwa na wilaya iliyoitwa Haut-Katanga, na mji wa Lubumbashi haukuwa ndani yake, wala Likasi. Miji hiyo ilikuwa moja kwa moja chini ya jimbo. Jimbo la Haut-Katanga la leo limeimeza miji yote miwili. Mtu akichukua takwimu za wilaya za zamani akaziweka kwenye mstari mmoja na za jimbo la sasa, ataona wakazi wameongezeka kupita kiasi ndani ya mwaka mmoja. Lualaba ni hadithi hiyo hiyo: wilaya ilikuwa na Dilolo, Kapanga na Sandoa, na jimbo likaongeza Kolwezi pamoja na teritwari za Lubudi na Mutshatsha.

Namna ya kuthibitisha ni kulinganisha eneo la ardhi. Chukua faili la mipaka la zamani na la sasa, piga hesabu ya kilomita za mraba za kila poligoni, kisha weka safu mbili bega kwa bega kwa kila jina. Tofauti ya asilimia moja au mbili mara nyingi ni mchoro ulionyooshwa tu. Ikifika asilimia 20 au 60, hilo ni eneo jingine lenye jina lile lile, na linahitaji msimbo wako wa ndani wenye mwaka, kwa mfano `KE_1` na `KE_2`. Kwa miji ongeza kipimo cha idadi ya watu, kwa sababu mji unaweza kuhama bila eneo la ardhi kutikisika sana.

Wasomaji wa Tanzania wataujua ugonjwa huu: Mbeya ya kabla ya 2016 ilikuwa na Songwe tumboni.

## Namba za zamani zimebadilika na hakuna aliyezigusa

Dalili hii huja baada ya kuonyesha data upya. Jana kiwango cha 2019 kilikuwa 80, leo ni 133, na data ghafi ya 2019 haijaguswa.

Kama takwimu zinatoka kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, uliza kwanza swali moja: je, kuna kitengo kilichohamishwa chini ya mzazi mpya, au kilichogawanywa? Majedwali ya uchambuzi ya DHIS2 hujengwa kwa muundo wa vitengo ulivyo leo. Kituo cha afya kikihamishwa leo kutoka zoni X kwenda zoni B, historia yake yote inahama nacho, na jumla ya X ya miaka mitano iliyopita inapungua majedwali yakishajengwa upya. Hakuna aliyedanganya, mfumo unajibu swali la "vituo vilivyo X leo vilichanja wangapi wakati ule", wakati ripoti yako ilijibu "X ya wakati ule ilichanja wangapi".

Kugawanya kunaleta jambo jingine. Amri ya kugawanya kitengo inapokea orodha ya watoto na mmoja wao awe mrithi mkuu:

```json
{
  "source": "UID_ya_X",
  "targets": ["UID_ya_A", "UID_ya_B"],
  "primaryTarget": "UID_ya_A",
  "deleteSource": false
}
```

Data yote iliyokuwa imeandikwa kwenye X huenda kwa huyo `primaryTarget`. Haigawanywi. Hapo ndipo ile 133 inapotoka. Tuseme zoni X ilikuwa na walengwa 9,000 na iliwachanja 7,200, yaani asilimia 80. Baada ya mgawanyiko A ina walengwa 5,400 na B ina 3,600. A ikirithi chanjo zote 7,200 huku walengwa wake wakirudishwa nyuma kuwa 5,400, inapata asilimia 133 kwa mwaka ambao haikuwepo. B haina kitu, kwa hiyo kwenye ramani ya 2019 inaonekana nyeupe. Ukiona jozi ya namna hiyo, mmoja juu ya mia na jirani yake mtupu kabla ya tarehe fulani, usitafute kwingine.

Dawa yake ni kutotumia amri hiyo wala kumfuta mzazi. Mpe X tarehe ya kufungwa, wape A na B tarehe ya kufunguliwa, na acha data ya kale ikae pale ilipoandikwa. Na kabla ya kila badiliko la mipaka, toa nakala ya jumla za mwaka kwa kila kitengo na uihifadhi na tarehe kwenye jina la faili. Bila nakala hiyo huwezi kumwonyesha mtu ni kipi kilibadilika. Utabaki kubishana kwa kumbukumbu.

## Zaidi ya 100 huku, chini sana kule, na mipaka iko sawa

Hapa mgawanyiko umeandikwa vizuri, tarehe zipo, lakini mwaka wa kwanza tu A inaonyesha asilimia 115 na B 45. Daktari mkuu wa zoni mmoja alinipigia simu akiwa na ramani hiyo mbele yake: "Papa, hii rangi nyekundu inasema sifanyi kazi. Njoo uhesabu watoto pamoja nami."

Alikuwa na haki. Waliochanjwa huhesabiwa kituoni, kwa hiyo siku kituo kinapohamia zoni mpya, namba yao inahama papo hapo. Walengwa hawatoki kituoni. Wanatoka kwenye makadirio ya idadi ya watu, na Kongo haijafanya sensa tangu 1984, hivyo makadirio hayo ni ya kuongeza asilimia juu ya asilimia kwa miaka mingi. Zoni inapogawanyika, kuna mtu anayekaa mezani na kuamua A ichukue watu wangapi na B wangapi. Akigawa kwa idadi ya maeneo ya afya, au akikata nusu kwa nusu, kosa lake linageuka kuwa kiwango cha chanjo.

Kulitambua si kazi. Jumlisha A na B. Ikiwa kwa pamoja zinatoa kiwango kinachokaribia cha X ya mwaka uliopita, na zikitazamwa kila moja zimetengana sana, tatizo liko kwenye mgawo wa walengwa, au angalau huwezi kusema halipo. Hakikisha pia kwamba walengwa wa A na B wakijumlishwa wanalingana na wa X pamoja na ongezeko la mwaka. Mara nyingine kuna kijiji kimehesabiwa kote kuwili, au hakimo popote.

## Umerudisha historia kwa uzito, na mstari bado unavunjika

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu ushauri wa kawaida unakupeleka shimoni kwa adabu.

Ushauri wenyewe ni huu: tengeneza jedwali la uzito, gawa data ya zamani ya X kwa A na B kulingana na idadi ya watu, ili kila zoni ya leo iwe na historia ndefu. A ilipata 5,400 kati ya 9,000, yaani 0.6, na B 0.4. Sasa piga hesabu. Chanjo 7,200 mara 0.6 ni 4,320, ukigawa kwa walengwa 5,400 unapata 80. Kwa B, 7,200 mara 0.4 ni 2,880, ukigawa kwa 3,600 unapata 80 pia. Itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu umegawanya juu na chini kwa uzito ule ule. Umezipa zoni mbili historia moja.

Halafu unafika mwaka wa mgawanyiko, data halisi inaanza: A imechanja 4,860, asilimia 90, na B 2,340, asilimia 65. Dashibodi inaonyesha A ikipanda pointi 10 na B ikishuka 15, mwaka ule ule. Mkubwa atauliza B kumetokea nini. Hakujatokea kitu. Huenda B ilikuwa 65 tangu zamani, ikiwa imefichwa ndani ya wastani wa X. Jumla yao bado ni 7,200 kwa 9,000, asilimia 80 ile ile.

Kwa idadi tupu, kama wagonjwa wa surua au wakazi, kugawa kwa uzito kunaweza kuvumilika ukiandika wazi kwamba ni makadirio na kuchora kipande hicho kwa mstari wa nukta. Kwa viwango, usifanye. Namba zinazoshuka ngazi moja chini hazibebi habari mpya. Zinarudia ya mzazi na kuipa jina la mtoto.

Njia inayosimama ni kwenda juu badala ya kushuka. X, A na B zote ziingie kwenye kikundi kimoja kisichobadilika, na mstari wa miaka mingi uchorwe kwa kikundi. Ramani ya mwaka huu ionyeshe A na B kwa sura zao. Ramani ya kulinganisha na miaka ya nyuma ionyeshe kikundi kizima. Jedwali lenyewe ni dogo:

```csv
msimbo,kuanzia,hadi,kikundi
X,2010-01,2020-12,G_X
A,2021-01,,G_X
B,2021-01,,G_X
```

Na hesabu yake ijumlishe kwanza, igawanye baadaye:

```sql
SELECT k.kikundi, d.mwaka,
       100.0 * SUM(d.waliochanjwa)
             / SUM(d.walengwa) AS kiwango
FROM takwimu d
JOIN vikundi k ON k.msimbo = d.msimbo
GROUP BY k.kikundi, d.mwaka;
```

Anayechukua wastani wa 90 na 65 atapata 77.5, na atatangaza kushuka kwa pointi mbili na nusu ambako hakupo. Nimeona hivyo kwenye dashibodi nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kuna mtego mmoja uliobaki ndani ya hesabu hiyo hiyo. Mgawanyiko ukitokea Julai badala ya Januari, X inaripoti miezi sita, A na B miezi sita iliyobaki. Waliochanjwa wanajumlishwa vizuri. Walengwa, ambao huandikwa kwa mwaka, wanaingia mara mbili: 9,000 za X, kisha 5,400 na 3,600. Jumla 18,000, na kiwango kinatoka 40. Ukikuta eneo limeshuka kufikia karibu nusu kamili kwa mwaka mmoja tu, kisha likarudi, tazama hapo kabla ya kwenda kuuliza watu wa zoni. Tafsiri walengwa kwa miezi: X 4,500, A 2,700, B 1,800, na 9,000 zako zimerudi.

Vikundi vina mpaka wao. B ikija kuchukua eneo la afya kutoka zoni jirani Y, basi Y nayo inaingia kwenye kikundi, kisha yule aliyewahi kubadilishana na Y. Ukiacha mnyororo uendelee utajikuta na kikundi chenye ukubwa wa nusu ya jimbo, ambacho hakimsaidii mtu yeyote. Mimi huacha mabadiliko madogo nje, yale yanayogusa chini ya asilimia 5 ya walengwa wa pande zote mbili, na kuyaandika kwenye maelezo ya ramani. Hiyo asilimia 5 ni uamuzi wangu, si sheria. Kazi yako ikidai usahihi zaidi, ishushe.

Bahati ya Katanga ni kwamba kwa ngazi ya majimbo hatuhitaji makadirio hata kidogo, mradi takwimu za zamani ziliwekwa kwa teritwari. Teritwari 22 zilikwenda nzimanzima: 6 Haut-Katanga, 5 Lualaba, 5 Haut-Lomami, 6 Tanganyika, pamoja na miji. Manono ya 2010 ni Manono ya Tanganyika leo. Hivyo unaweza kujenga Tanganyika ya 2010 kwa kujumlisha Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu, ukikumbuka kuongeza mji wa Kalemie kama uliandikwa peke yake. Hizo ni namba halisi, si makadirio. Mwenye takwimu za ngazi ya jimbo tu, afanye kinyume: ajumlishe majimbo manne ya leo apate Katanga, na aishie hapo. Usikubali zoni za afya zikuvushe kutoka teritwari moja hadi nyingine. Mipaka yao haikuchorwa kufuata teritwari, na baadhi zinakatiza.

## Zilizounganishwa zina namba ndogo kuliko zilivyokuwa

Kuunganisha ni nadra kwetu, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Ukiunganisha vitengo viwili ndani ya DHIS2 na vyote viwili vina data ya mwezi ule ule, mfumo haujumlishi. Chaguo lake la kawaida, `LAST_UPDATED`, linabakiza thamani iliyorekebishwa mwisho na kuitupa nyingine. Vituo viwili vya 300 na 200 havitoi 500. Vinatoa 300 au 200, kutegemea nani aligusa lini. Jumlisha mwenyewe nje ya mfumo kabla ya kuunganisha, au ufunge vyote viwili na ufungue cha tatu.

## Mabaka meupe na rangi zinazohama

Poligoni nyeupe mara nyingi ni uandishi tu: `Rwashi` upande mmoja na `Ruashi` upande mwingine, `Kasaï` yenye nukta mbili na `Kasai` isiyo nazo. Komini ya Kenya hapa mjini imewahi kurushwa hadi Afrika Mashariki na programu iliyotafuta mahali kwa jina. Misimbo ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu, inaondoa sehemu kubwa ya shida hii, ambapo `CD71` hadi `CD74` ni majimbo yetu manne, lakini weka mwaka wa toleo la faili pembeni yake.

Rangi ni suala jingine. Kama madaraja ya rangi yanapangwa kwa kugawa maeneo katika mafungu matano yenye idadi sawa, kuongeza zoni mbili kunasogeza mipaka ya madaraja kwa zoni zote nyingine. Sakania inabadilika kutoka kijani kuwa njano ilhali namba yake ni ile ile. Funga madaraja kwa namba, 50, 70, 80, 90, na usiyaguse kila unapoonyesha data upya.

Na faili jipya la mipaka likija ambamo hakuna lililogawanywa wala kuunganishwa, ila mistari imechorwa upya kwa usahihi zaidi, usiligeuze kuwa tukio la kiutawala. Ukiweka matoleo mawili moja juu ya jingine utapata vipande vyembamba mamia kando ya mito na barabara, na programu itakuambia kila zoni imebadilishana ardhi na jirani yake. Vichuje kwa upana, si kwa eneo, kwa sababu utepe wa mita 40 kwenye mpaka wa kilomita 150 una kilomita za mraba 6 na bado si kitu. Badilisha mchoro, acha jedwali la vikundi kama lilivyo.